Saa ya Mkononi Inapokosea Mapigo ya Moyo: Jinsi ya Kuipima, na Wakati wa Kuvaa Mkanda wa Kifua

Mwezi Juni, katika ukumbi mdogo wa mazoezi ninamofundisha hapa Dodoma, mama mmoja wa miaka 45 alishusha chuma cha kilo 60 baada ya kukinyanyua mara kumi kutoka sakafuni, akageuza mkono wa kushoto na kunionyesha saa yake. "Kocha, inasema 97. Ina maana sijafanya kitu?" Alikuwa akihema kwa kinywa na hakuweza kuimaliza sentensi hiyo kwa pumzi moja. Nikamwambia, "Hebu tuhesabu kwa vidole kwanza, mama." Akaweka vidole viwili pembeni mwa koo, nami nikashika saa ya ukutani kwa macho. Katika sekunde 15 alihesabu mapigo 37, yaani 148 kwa dakika. Alipokaa kwenye benchi, dakika moja baadaye, saa yake ilikuwa imepanda hadi 136, ilhali vidole vilihesabu mapigo 28, yaani 112. Namba ya saa ilikuwa ikipanda huku moyo wenyewe ukishuka.

Saa hiyo haikuwa mbovu. Asubuhi ya siku ileile, mama huyo alipokuwa ameketi, saa na vidole vilikuwa vimelingana kabisa. Kilichotokea kinaelezeka, na mtu akikielewa anaweza kujua mwenyewe ni lini aiamini saa, ni lini aipuuze, na ni lini inafaa atoe fedha kununua mkanda wa kifua, kifaa kinachofungwa kifuani na kuhisi umeme wa moyo wenyewe. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata na kila anayekuja ukumbini akiwa na saa ya namna hiyo.

Kabla ya kuanza: saa inaona nini?

Geuza saa yako uangalie mgongo wake. Utaona taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi, na kando yake kijicho kinachopokea mwanga unaorudi. Damu hunyonya sana mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, wimbi la damu huifikia mishipa midogo iliyo chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo, kisha huongezeka tena damu inapopungua. Saa huhesabu mawimbi hayo. Kwa hiyo saa haipimi moyo. Inapima kiasi cha damu kinachopita chini ya ngozi ya mkono, mbali na moyo, kisha inakisia mapigo ya moyo kutokana na hicho.

Tatizo ni kwamba badiliko hilo la mwanga ni dogo mno, mara nyingi asilimia moja au mbili tu ya mwanga wote unaorudi, na pengine pungufu ya hapo. Saa ikisogea juu ya ngozi kwa kiasi cha unene wa karatasi, mwanga hubadilika zaidi ya unavyobadilishwa na pigo la moyo. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana ndani ya saa kuna pia kipima mwendo, kifaa kinachohisi mkono unavyotikisika, na programu ya saa hujaribu kuondoa mtikisiko huo ili ibaki na mapigo peke yake. Mbinu hiyo hufanya kazi vizuri mtu anapotembea au kukimbia kwa mwendo ulio sawa, kwa sababu mkono hupunga kwa mpangilio unaotabirika. Hata hivyo, huko nako saa huweza kuchanganya hatua za miguu na mapigo, ikaonyesha 170 kwa sababu mkimbiaji anapiga hatua 170 kwa dakika, wakati moyo wake uko 145.

Wengi huniuliza kama ngozi nyeusi ndiyo inayoidanganya saa. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga wa kijani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha utafiti uliowapima watu 53 wenye ngozi za rangi mbalimbali kwa saa kadhaa. Hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi moja na nyingine, lakini waliona kwamba makosa wakati wa shughuli yalikuwa makubwa kuliko wakati wa kupumzika kwa takriban asilimia 30. Nimeyaona hayo hapa ukumbini pia: anachokifanya mkono kina uzito kuliko rangi yake. Tatuu nyeusi ya wino iliyo chini ya saa ni jambo jingine, kwani hiyo inaweza kuziba mwanga kabisa.

Hatua ya 1: Vaa saa ipasavyo kabla ya kuilaumu

Sogeza saa juu ya mfupa wa kifundo, upande wa kiwiko, kwa upana wa kidole kimoja au viwili. Watu wengi huivaa juu ya mfupa wenyewe au chini yake, mahali ambapo kila mkunjo wa kiganja huinua saa na kuacha mwanga wa nje uingie. Kaza mkanda kiasi kwamba ukiisukuma saa kwa kidole, ngozi inaenda nayo. Isipoenda nayo, saa inateleza. Ukimaliza mazoezi legeza tena, maana mkanda uliokazwa mchana kutwa huleta vipele. Futa kioo cha nyuma kwa kitambaa chenye unyevu, kwa sababu mafuta ya kujipaka na vumbi letu la kiangazi hufanya utando juu yake. Kisha chagua kwenye saa aina ya zoezi unalolifanya, kwa kuwa saa nyingi hupima mara kwa mara zaidi zoezi linapokuwa limewashwa kuliko zinavyopima katika siku ya kawaida.

Hatua ya 2: Jifunze kuhesabu kwa vidole

Bila kipimo cha pili huwezi kujua kama cha kwanza kinakosea. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati pembeni mwa koo, upande mmoja tu na bila kukandamiza, au kwenye kifundo cha mkono usio na saa, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwa kuwa kina mapigo yake. Hesabu kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4.

Kuna mambo mawili ambayo wengi hukosea. La kwanza ni kuchelewa: mara unapoacha zoezi moyo huanza kushuka, kwa hiyo vidole viwe mahali pake ndani ya sekunde chache, na usome namba ya saa katikati ya hesabu, si baada yake. La pili ni kudai usahihi ambao njia hii haina. Ukikosea pigo moja katika sekunde 15, umekosea mapigo manne kwa dakika. Kwa sababu hiyo sihukumu saa kwa tofauti ya mapigo manane au chini ya hapo. Tofauti ya mama yule ilikuwa 51, na hiyo haihitaji mjadala.

Hatua ya 3: Pima ukiwa umeketi

Keti dakika tano, linganisha saa na vidole mara tatu. Hapa vinatakiwa kukaribiana sana. Visipokaribiana, rudi hatua ya kwanza. Na ikiwa vidole vyenyewe vinahisi mapigo yasiyo na mpangilio, mara yanafuatana haraka, mara yanaruka, acha kushughulika na saa na uende hospitali upimwe moyo, kwa sababu hilo si suala la kifaa.

Hatua ya 4: Pima ukinyanyua vyuma

Fanya seti moja ya zoezi la kushika kwa nguvu, kwa mfano kunyanyua chuma kutoka sakafuni au kuvuta chuma kuelekea tumboni, kwa uzito unaoweza kuurudia mara nane hadi kumi. Mara tu unaposhusha, hesabu. Subiri dakika moja, hesabu tena. Andika namba nne: vidole na saa mwishoni mwa seti, vidole na saa baada ya dakika moja.

Ikiwa saa iko chini mwishoni mwa seti, na iko juu baada ya dakika, umeona kile alichokiona mama yule, na sababu zake ni mbili zinazofanya kazi pamoja. Unapokamata chuma, misuli ya kigasha hukaza na kubana mishipa ya damu inayopita katikati yake, huku kano zikisogea chini ya ngozi palepale saa ilipo. Ukitaka kuliona hilo, weka kidole upande wa ndani wa kifundo, kisha kunja ngumi na kuikunjua. Utazihisi kano zikipanda na kushuka kama kamba. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba mkono wenyewe haujasogea hewani. Kipima mwendo kinaiambia saa kwamba mkono umetulia, wakati chini ya taa kila kitu kinahama. Kile kisaidizi kinachomfaa mkimbiaji hakina msaada kwa mnyanyuaji.

Sababu ya pili ni muda. Seti moja huchukua sekunde 20 hadi 40. Saa haitoi namba kwa pigo mojamoja. Hukusanya mawimbi ya sekunde kadhaa, huyachuja, halafu ndipo huonyesha wastani, na ikikutana na mawimbi yenye fujo hupendelea kubaki na namba ya zamani kuliko kuruka kwenye mpya. Moyo unapanda na kuanza kushuka kabla saa haijakubali kwamba umepanda.

Usikaze mkanda zaidi ukidhani utaitibu hali hii, kwa sababu ukipita kiasi unazuia damu ileile unayotaka ionekane. Baadhi ya wanyanyuaji huhamishia kihisi kwenye mkono wa juu, juu ya kiwiko, kwa kutumia kihisi cha mwanga kilichotengenezewa mahali hapo. Kinasaidia kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa pale kuna nyama nyingi, hakuna kano zinazopandana, na hapakunjwi kama kifundo.

Maoni yangu ni kwamba anayenyanyua vyuma kwa ajili ya nguvu tu, seti tano na mapumziko ya dakika tatu, hahitaji namba ya mapigo hata kidogo. Daftari la uzito na idadi ya marudio litamwambia zaidi. Namba hiyo ina kazi pale mazoezi yanapofuatana bila mapumziko marefu, au daktari anapokuwa amempa mtu kikomo cha mapigo. Mama yule alikuwa na kikomo cha namna hiyo, 140, na ndiyo maana 97 ya uongo ilinitia hofu: ilikuwa inamruhusu aongeze uzito.

Hatua ya 5: Pima ukiwa kwenye baiskeli

Baiskeli hudanganya watu kwa sababu inaonekana kama zoezi lililotulia. Mikono haipungi. Lakini angalia kifundo kilivyo juu ya usukani: kimekunjwa kwenda nyuma, kiganja kimebeba sehemu ya uzito wa mwili, vidole vimeshika usukani na breki, na kila kokoto linalopita chini ya gurudumu la mbele hupanda kwa usukani hadi kwenye saa. Mtikisiko huo hauna mpangilio kama wa kukimbia, kwa hiyo ni vigumu kuuchuja. Ukitaka kuhakikisha kwamba kosa linatoka barabarani na si kwenye kupiga pedali, panda baiskeli ya mazoezi ya ukumbini kwa dakika 20 huku mikono umeilegeza. Mara nyingi saa ileile itafanya vizuri.

Kuhesabu kwa vidole ukiwa barabarani ni hatari, kwa hiyo kipimo hiki kinahitaji mkanda wa kifua, wako au wa kuazima. Unganisha mkanda na simu iliyo mfukoni au kompyuta ya baiskeli, na iache saa irekodi peke yake. Hapa kuna mtego: ukiunganisha mkanda na saa yenyewe, saa nyingi huacha kutumia taa zao na kuchukua namba za mkanda. Utapata grafu mbili zinazofanana kabisa na utafurahi bure, kwa sababu umelinganisha mkanda na mkanda.

Nitaeleza safari yangu moja ya Julai. Niliondoka mjini saa 12:45 asubuhi kwa barabara ya lami ya kuelekea Morogoro hadi Ihumwa, nikazunguka kwa njia ya vumbi yenye makorongo, nikarudi kwa lami. Nilivaa fulana na sweta jepesi lenye mikono mifupi, saa ikiwa wazi kwa upepo.

Katika dakika 12 za mwanzo saa ilionyesha kati ya 84 na 92, wakati mkanda ulisoma 118 hadi 131. Laiti ningeifuata saa, ningeongeza kasi nikidhani bado mwili haujaamka. Mwili ulipopata joto na barabara ikiwa laini, saa ilipanda ghafla, kama ngazi, ikafika 136 huku mkanda ukiwa 138, na kwa karibu nusu saa vyote viwili vilienda pamoja vizuri. Kwenye njia ya vumbi mkanda ulibaki kati ya 144 na 149, kwa sababu sikubadilisha juhudi. Saa iliruka kutoka 104 hadi 163 na kurudi. Mwishoni nilisimama juu ya pedali kwa sekunde 40 kupanda kilima kifupi: mkanda ulipanda kutoka 141 hadi 168, ilhali saa ilifika 150 tu, tena ilifika hapo nilipokuwa nimeshaketi.

Wastani wa safari nzima ulikuwa 138 kwa mkanda na 129 kwa saa. Anayeangalia wastani peke yake angesema tofauti ya tisa si mbaya. Ndiyo sababu nawaomba watu waangalie grafu yenyewe. Grafu ya moyo wa kweli hupanda na kushuka kwa mteremko. Moyo hauruki mapigo 40 katika sekunde mbili na kurudi. Ukiona ngazi, mashimo, msumeno penye kokoto, au mstari ulionyooka mno wakati unajua ulikuwa unapanda kilima, hapo saa ilikuwa inakisia.

Hatua ya 6: Tenga kosa la baridi

Zile dakika 12 za mwanzo hazikuwa kosa la kokoto, kwani zilikuwa kwenye lami. Lilikuwa kosa la baridi. Watu wa pwani hucheka wakisikia baridi ya Dodoma, lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, pamoja na upepo. Mwendesha baiskeli hujiongezea upepo wake mwenyewe. Mwili ukihisi baridi hulinda joto la ndani kwa kubana mishipa midogo ya ngozini, hasa ya mikono na miguu. Damu inaendelea kupita kwenye mishipa mikubwa iliyo ndani, lakini ile ndogo inayomulikwa na taa za saa inakuwa imefungwa nusu. Saa inabaki na wimbi hafifu, na mtikisiko mdogo tu unatosha kulifunika.

Kulithibitisha ni rahisi. Kesho yake panda njia ileile, saa ileile, ila vaa sweta la mikono mirefu linalofunika saa, na kabla ya kutoka ruka kamba au panda ngazi ndani ya nyumba kwa dakika 5 hadi 10 mpaka viganja viwe na joto. Mimi nilipofanya hivyo, tofauti ya mwanzo ilitoweka baada ya dakika tatu badala ya kumi na mbili. Njia ya vumbi haikubadilika hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinihakikishia kwamba ni makosa mawili tofauti yenye tiba mbili tofauti.

Hatua ya 7: Amua kama unahitaji mkanda wa kifua

Mkanda haumuliki ngozi. Una elektrodi mbili za mpira au kitambaa kinachopitisha umeme, zinazogusa kifua na kuhisi umeme ule ule ambao kipimo cha moyo cha hospitali huchora kwenye karatasi, ijapokuwa mkanda huusoma kwa njia moja tu. Kampuni ya Polar ya Ufini ndiyo iliyotoa kipimo cha kwanza cha aina hii kisicho na waya, mwaka 1982, na msingi wake haujabadilika. Ishara ya umeme haipiti kwenye mkono, haijali baridi ya vidole wala kukamata chuma, na kila pigo husomwa linapotokea badala ya kusubiri wastani wa sekunde kadhaa.

Kwa hiyo vaa mkanda kama unafanya mazoezi ya kupanda na kushuka ghafla, kama unaendesha kwenye njia mbaya, kama unaanza alfajiri ya kipupwe, au kama una kikomo cha daktari na unanyanyua vyuma. Vaa pia siku unapotafuta kiwango chako cha juu cha mapigo, maana kanuni ya 208 − 0.7 × umri hutoa makadirio ya wastani tu. Kwa mtu wa miaka 45 inatoa karibu 176, na mtu halisi anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa mapigo zaidi ya kumi. Kwa kutembea, kulala, kukimbia taratibu kwa mwendo mmoja na kufuatilia mapigo ya kupumzika, saa inatosha, na sioni sababu ya kumtoa mtu fedha. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa kifuani amwulize daktari wake kabla ya kuvaa mkanda.

Hatua ya 8: Vaa mkanda kwa hali ya hewa ya hapa

Hapa ndipo wengi wa Dodoma wanapokata tamaa, kwa sababu mkanda nao una adui wake, naye ni ukavu. Umeme wa moyo unahitaji unyevu ili uvuke kutoka kwenye ngozi hadi kwenye elektrodi. Mahali penye unyevu hewani jasho huja lenyewe, lakini kiangazi chetu hukausha jasho kabla halijaonekana. Zaidi ya hapo, fulana ya plastiki inayopigwa na upepo hujisugua na kuzalisha umeme tuli, na mkanda huuhesabu kama mapigo. Asubuhi moja ya Agosti mkanda wangu ulinionyesha 226 kwa dakika tatu za mwanzo, nikiwa naongea na mwenzangu bila kuhema. Nilisimama, nikamimina maji kidogo ya chupa nyuma ya mkanda, nikaichomeka fulana ndani ya kaptula isipepee, na ndani ya nusu dakika namba ikashuka hadi 112.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Nalowesha sehemu za elektrodi kwa maji, pande zote mbili, hadi zing'ae. Maji yenye chumvi kidogo au jeli ya vipimo vya hospitali hudumu zaidi siku ya ukavu mkali. Navaa mkanda chini ya misuli ya kifua, ukiwa umekaza kiasi kwamba nikivuta pumzi nyingi haushuki. Akina mama huuweka chini ya ukingo wa sidiria ya mazoezi, na wahakikishe ukingo huo haukunji mkanda. Anayesukuma chuma akiwa amelala chali akague kama mkanda haujasogea baada ya seti ya kwanza. Nasubiri dakika mbili kabla ya kuiamini namba, na naivaa fulana inayobana au ya pamba miezi ya upepo.

Mkanda ukianza kutoa mashimo au namba za nusu hata baada ya kuloweshwa, sababu ya kwanza ni chumvi ya jasho iliyokauka kwenye kitambaa, na ya pili ni betri. Chomoa kile kidude cha katikati kila baada ya mazoezi, kwa sababu kitambaa kibichi kinaweza kukifanya kidhani bado umevaa na kikaendelea kula betri usiku kucha. Suuza mkanda kwa maji matupu kila siku, ufue kwa sabuni laini mara moja kwa juma, na uanike kivulini. Jua letu la saa saba hukausha na kupasua mpira. Betri nyingi ni zile bapa za duara zilizoandikwa CR2032 au CR2025, kwa hiyo soma iliyomo kabla ya kwenda dukani, kwani hazibadilishani.

Mama yule sasa huazima mkanda wa ukumbini siku za vyuma. Juma lililopita, kwenye kilo 60 zilezile, mkanda ulisoma 146 mwishoni mwa seti na vidole vyake vikahesabu 36, yaani 144. Tulipunguza uzito hadi kilo 50, akaishia 137, na hapo ndipo anapofanyia kazi kwa sasa. Saa yake bado anaivaa mkono wa kushoto, lakini wakati wa seti huifunika kwa mkono wa sweta.